Bandari Iliyofutwa

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023, saa kumi jioni, mwanamke mmoja anayetengeneza meno bandia aliandika neno moja kwenye kundi la simu lenye watu wanne: "Ninayo." Ujumbe huo bado upo. Chini yake kuna moyo kutoka kwa rafiki yake nesi, makofi kutoka kwa kinyozi, na kimya kutoka kwa shemeji yake.

Wenzake humwita Fundi. Kazini huvaa aproni ya plastiki na miwani mikubwa, na mikono yake ina weupe wa jasi usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Daktari wa meno humletea alama ya taya la mgonjwa. Yeye huimwagia jasi, huipangia meno kwa nta, huipika, huisugua mpaka ulimi usikwaruzike. Ni mtu wa maneno machache, na mwenye kumbukumbu ndefu. Mumewe husema kwa utani kwamba ukimkosea Fundi, bora ukimbilie polisi, huko angalau kuna dhamana.

Wanne hao walianza kucheza pamoja mwaka mmoja kabla. Walijaribu kwanza michezo ya kupigana, ile ambayo kila raundi huanza upya kama vile jana haikuwepo. Nesi ndiye aliyeichoka mapema. "Kazini kwangu kila zamu naanza upya," alisema. "Mimi nataka nikiacha sufuria jikoni Jumamosi hii, Jumamosi ijayo niikute palepale, hata kama imeungua."

Kinyozi ndiye aliyeleta mchezo uliowafaa. Unatupwa kwenye nchi tupu, huna nguo wala shoka. Unaokota mawe na vijiti, unatengeneza zana, unakata miti, unachimba shaba, unajenga tanuri, unajenga nyumba kabla wanyama hawajakuzukia. Ulichojenga kinabaki. Mbao usiyoiezeka mvua huila, na nguzo isiyogusa ardhi hudhoofika kadiri unavyoipandisha, mpaka dari ikakuangukia. Nesi alijenga jiko siku ya kwanza, hata kabla ya ukuta.

Tatizo lilikuwa moja. Dunia hiyo ilikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, yule aliyeifungua na kuwakaribisha wengine. Yeye akizima, wote wako nje. Mwanzoni mwenyeji alikuwa Breki, mdogo wa mume wa Fundi, mwalimu wa udereva. Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu ndilo neno analolipiga kelele kuanzia asubuhi hadi jioni. Breki alikuwa mwenyeji mzuri kwa mwezi mmoja. Baadaye akawa na safari, akawa na usingizi, akawa na mpira wa kutazama, na watu watatu wazima wakawa wanakaa mbele ya kompyuta zao wakimsubiri kama abiria.

Ndipo wakabuni utaratibu wao. Dunia nzima ilikuwa faili mbili tu, moja kubwa na moja ndogo, zisizofanya kazi moja bila ya mwenzake. Waliziweka kwenye folda ya mtandaoni ambayo wote waliifikia. Anayetaka kufungua dunia huzishusha, huandika kwenye kundi "Ninayo", na tangu hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kufungua nakala yake. Akimaliza huzirudisha kwenye folda, zikachukua nafasi ya zile za zamani, kisha huandika "Nimerudisha", na kila mmoja, kabla ya kuingia tena, huzishusha juu ya nakala yake. Bila ya maneno hayo mawili wangejikuta na dunia mbili zenye jina moja, kila moja ikiwa na mambo ambayo nyingine haiyajui, na mchezo huo hauna namna ya kuziunganisha. Itakayowekwa mwisho ndiyo itakayobaki. Wote wanne walilielewa hilo. Breki ndiye aliyelieleza vizuri kuliko wote, kwa mfano wa barabara ya njia moja.

Mwezi wa Aprili Fundi aliteleza kwenye ngazi za maabara akavunjika mguu. Wiki zile alizokaa nyumbani na plasta, mguu juu ya kiti, ndizo alizojenga bandari. Nesi alikuwa akiingia mchana baada ya zamu ya usiku, wanachimba mawe pamoja, wanayavusha kwa mashua. Fundi alishusha nguzo mpaka kwenye sakafu ya bahari, akazitia chuma ndani ili zibebe, akajenga gati la mawe lenye ngazi, ghala lenye paa mbili, na mnara wenye moto unaoonekana kutoka kisiwa cha pili. Hakuna mtu aliyemwagiza. Alifanya kama anavyofanya meno: akiona pengo la unywele mmoja anabomoa safu nzima.

Gati lilikamilika ile Jumamosi ya tarehe sita. Fundi alirudisha faili, akaandika alichotakiwa kuandika. Nesi alituma picha ya mnara.

Jumamosi iliyofuata Breki ndiye aliyeandika: "Ninayo. Ingieni, nina zawadi." Wakaingia. Fundi alitokea kitandani kwake, kwenye kibanda cha zamani cha miti, akatembea kuelekea ufukweni, akasimama.

Bahari ilikuwa tupu. Hapakuwa na nguzo hata moja.

"Breki," alisema kwenye kipaza sauti, "umefungua ipi?"

"Ipi nini?"

"Nakala. Umefungua ipi?"

"Aa, ile yangu. Juzi nilikuja na vijana wa ofisini, tukapanda mlima wa kaskazini, tukamuua yule joka, shem! Joka! Njoo uone kichwa chake, nimekitundika ukutani."

"Yako ilikuwa ya mwezi wa tatu."

"Sasa ndiyo ya leo. Nimeshaiweka kwenye folda."

Kinyozi alikohoa. "Lakini kaka, si nilikuandikia? Nilikwambia usifungue yako, Fundi kamaliza bandari, shusha mpya kwanza. Ukanitumia dole gumba."

"Nilikuwa na mwanafunzi kwenye mzunguko, unataka nisome barua?" Breki akacheka. "Jamani, ni mawe ya kwenye kompyuta. Bandari tutajenga nyingine. Shem, usininunie, eti?"

Fundi alifungua folda mtandaoni: faili za Breki tu. Akafungua kompyuta yake: alikuwa ameshazishusha za Breki juu ya zake, kama utaratibu ulivyomtaka. Mchezo wenyewe huweka akiba ya hali iliyotangulia, lakini na hiyo ilikuwa imeshafunikwa na ya Breki. Nesi hali kadhalika. Kinyozi hali kadhalika. Utii wao ndio uliomaliza kazi aliyoianza Breki.

Alisubiri. Alisubiri dakika kadhaa, na wote watatu walijua anasubiri neno gani. Breki akauliza kama kuna mtu ana mishale ya ziada.

"Sawa, shem," alisema Fundi, akatoka.

Jumapili alishinda jikoni. Mumewe alimkuta akikatakata vitunguu kwa namna iliyomfanya aulize kuna nini, na alipoambiwa, akajaribu kusuluhisha. "Ni mdogo wangu huyo, unamjua. Mdomo wake hauna breki."

"Mdomo wake sina shida nao. Nataka huo mdomo utamke neno moja tu."

"Samahani?"

"Wewe umelijua bila kufundishwa."

Jumatatu, maabarani, alikuwa amesimama mbele ya rafu ya taya. Fundi hatupi umbo la jasi. Meno yakishachukuliwa, umbo la taya la mgonjwa hukaa rafuni na namba yake, kwa sababu watu huketi juu ya meno yao, huyaangusha chooni, huyafungia kwenye karatasi na kuyatupa, kisha hurudi wameziba mdomo kwa leso. Alikuwa akitafuta taya la bibi mmoja mstaafu. Mkono wake ukakuta, katikati ya taya mbili, flashi nyekundu.

Alikaa chini. Mara zote, amalizapo kazi kubwa, huhifadhi nakala. Hafikirii, ni mkono unaofanya, kama mtu anayevuta mlango akitoka. Jioni ile ya tarehe sita alinakili faili zote mbili, kubwa na ndogo, na Jumatatu yake, siku aliyorudi kazini akitembea kwa gongo, akaiweka flashi mahali anapoweka kila kitu asichotaka kipotee. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha.

Bandari ilikuwa hai. Angeweza kuandika kwenye kundi saa ileile na mambo yakaisha. Alitoa simu, akaandika "Jamani, bandari", akayatazama maneno hayo mawili. Kisha akayafuta herufi moja moja.

Mchana alikwenda kwa kinyozi. Duka lake lina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kompyuta ya zamani chini ya meza inayopiga muziki na kurekodi kamera ya mlangoni. Haizimwi. Kinyozi alikuwa akimnyoa mzee aliyesinzia.

"Hiyo kompyuta yako ina nguvu kiasi gani?"

"Inapiga muziki bila kulalamika. Kwa nini?"

Fundi akamweleza, taratibu, kama anayeeleza dawa. Waliotengeneza mchezo wanatoa pia programu ya seva, bure. Ukiiweka kwenye kompyuta isiyozimwa, dunia inakaa humo. Hakuna mwenyeji tena, hakuna zamu, hakuna "Ninayo". Yeyote mwenye anwani na neno la siri anaingia saa anayotaka, hata peke yake, akitoka dunia inabaki. Wakitoka wote, saa ya dunia husimama mpaka mmoja arudi. Vitu vilivyo kwenye masanduku ni vya dunia na vinabaki kwenye seva. Vilivyo mwilini na mkobani mwa mchezaji vinakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, anakwenda navyo popote.

"Hii tungeifanya mwaka jana," kinyozi alisema, mashine ya kunyolea ikiwa hewani. "Tumeteseka bure."

"Tutaifanya. Lakini si sasa." Akamwonyesha flashi. "Humu mna bandari."

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. Mzee akaamka. "Umemwambia Breki?"

"Atajenga kwanza."

"Atajenga nini?"

"Bandari. Ile ileile, kwenye dunia yake. Jiwe kwa jiwe. Akimaliza, tutahamia seva, na seva itakuwa na hii yangu."

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. Halafu kicheko kikampanda mpaka akalazimika kuweka mashine mezani. "Fundi, wewe mbaya. Wewe ni mbaya kabisa." Alisema kwa sauti ya mtu anayesifia chakula.

"Akisema samahani wakati wowote, hata akiwa ameweka jiwe moja, naiweka kwenye seva siku hiyohiyo na ninamwambia kila kitu. Mlango uko wazi."

Mzee aliuliza kama ananyolewa au amekuja kusikiliza kesi.

Jumamosi ile Fundi aliingia kwenye dunia ya Breki kwa sauti tulivu. "Shem, umesema tutajenga nyingine. Basi jenga wewe, mguu wangu haujapona vizuri. Nitakuelekeza."

"Mguu unahusiana nini na kompyuta?" Breki akasema, lakini akacheka, na akachukua sururu.

Tangu siku hiyo Breki alichimba mawe. Alichimba mlima ule wa kaskazini mpaka ukawa na shimo kama jino lililooza. Fundi alisimama ufukweni akimwambia nguzo hii imepinda, ile haijafika chini, ng'oa. Naye aling'oa. Mara moja mashua iliyojaa mawe ilipigwa na nyoka wa baharini katikati ya mkondo, ikazama na kila kitu, na Breki akapiga ukelele ambao mkewe aliusikia kutoka uani. Fundi alizima kipaza sauti chake ili acheke vizuri. Alikuwa hajacheka hivyo tangu avunjike mguu. Kila nguzo iliyosimama ilimpa utamu fulani chini ya ulimi, kama mtu anayejua pilipili iko wapi kwenye sahani ya mwenzake.

Lakini Breki alianza kuingia hata siku zisizo za Jumamosi. Aliandika "Ninayo" katikati ya wiki, akaandika "Nimerudisha" bila ya kukumbushwa, na kila walipoingia walikuta ngazi mpya, au paa la ghala. Hakuwa akitania sana. Alimwomba Nesi ile picha ya mnara aliyoituma, akaikuza, akahesabu mawe.

Hapo ndipo Nesi alipojua. Alikwenda kumnyolesha mwanawe, akaiona seva ikifanyiwa majaribio chini ya meza, akamwuliza kinyozi, na kinyozi hajui kuficha kitu. Jioni Nesi alikuwa mlangoni kwa Fundi, bado na sare ya kazini.

"Shosti, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Yule mtu anaomba msamaha kwa mawe. Huoni? Mwezi wa pili huu anaomba."

"Mimi nataka kwa mdomo."

"Kuna watu mdomo haufunguki. Nawaona kila siku wodini. Mtu anamletea mkewe matunda, anayamenya, anamlisha, na neno moja halimtoki."

"Huyo mke ugonjwa kapewa na nani? Na huyohuyo anayemlisha?" Fundi alimwekea kiti. "Nesi, alijua. Kinyozi alimwandikia, akajibu dole gumba. Alijua, akaona yangu si kitu. Mbele ya wote akaomba mishale. Mishale!"

Nesi alikaa. Ile bandari ilikuwa na jasho lake pia, na mchana ule wa usingizi alioutoa. "Nilikasirika hata mimi," alisema. "Lakini hasira yangu imeisha, ndiyo shida. Yako unailisha."

"Atakula anachostahili."

"Mimi sitamwambia. Siwezi kuwa katikati ya shemeji wawili. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukifika wakati wa kufuta yake, usifute. Wewe hutupi taya la mtu."

Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni, na Nesi, aliyemjua tangu darasa la kwanza, akaona kwamba amesikia.

Bandari ya pili ilikamilika. Breki aliwasha moto wa mnara wao wakiwa wote wamesimama gatini, na kwa kweli ilipendeza. Hata Fundi, akipita na jicho la kutafuta pengo, alipata mawili tu. Kwenye nguzo ya kwanza Breki alikuwa ametundika kibao cha mbao kilichoandikwa: BANDARI YA SHEMEJI. Kinyozi alipiga makofi kidogo mno. Nesi akajifanya anapika.

Siku ya pili yake Breki alikuja kula mchana kwa kaka yake. Baada ya chakula Fundi alikaa naye sebuleni, mumewe akikusanya sahani. Alikuwa ameamua kumpa nafasi moja zaidi, na alitaka iwe nafasi nzuri, ya ana kwa ana, isiyo na kipaza sauti.

"Ile ya kwanza unaikumbuka?" aliuliza.

Breki aligeuza glasi yake. Kitu kilipita usoni mwake, na kwa muda mfupi Fundi aliona wazi kwamba neno liko, liko kooni, limeshapanda. Mumewe naye alisimama mlangoni na sahani mkononi, akisubiri.

"Ile?" Breki akatabasamu lile tabasamu lake la kumaliza mambo. "Hii nzuri zaidi, shem. Hata umshukuru aliyeifuta ile."

Mumewe aliingia jikoni haraka.

"Ni kweli," Fundi alisema. "Nitamshukuru."

Jioni aliandika kwenye kundi kwamba dunia itahamia seva dukani kwa kinyozi, zamu zimekwisha, kila mtu ataingia apendapo. Breki ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alirudisha faili zake kwenye folda haraka, akaandika: "Zitunzeni, kuna jasho humo." Kinyozi alipiga simu, akauliza kwa sauti ya chini, kama vile Breki angeweza kumsikia, "Niweke ipi?" Fundi alimpelekea flashi nyekundu kesho yake, akasimama nyuma yake mpaka faili zote mbili ziliponakiliwa na seva ikawaka bila kulalamika. Neno la siri alilichagua yeye: mishale.

Faili za Breki hakuzifuta. Alizinakili kwenye flashi nyingine, nyeupe, akaifunga mkanda wa karatasi, akaiandika kwa kalamu ileile anayoandikia namba za wagonjwa, akaiweka rafuni katikati ya taya. Kuna neno moja litakaloishusha kutoka pale, na Fundi hana mpango wa kumkumbusha mtu.

Seva itafunguliwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Breki ameshapewa anwani na neno la siri, na ameahidi kuingia wa kwanza. Atakuwa na nguo zake, shoka lake na mkoba wake kama alivyouacha. Kichwa cha joka hakitakuwepo ukutani, mlima wa kaskazini utakuwa mzima, na kwenye nguzo ya kwanza hakutakuwa na kibao. Fundi ataingia kabla yake, akae mwisho wa gati, na kipaza sauti kikiwa wazi.